Dhahabu ya Mama: njia nne za kuigawa

Kwa Dada Mkubwa, Kaka, na mziwanda wetu uliye Mbale,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Tulipoachana Bombo baada ya arobaini ya Mama, kila mmoja aliondoka na rai yake juu ya ule mkebe wa biskuti, na mimi niliondoka bila kusema neno. Dada alitaka dhahabu ipimwe kwa mizani na kila mtu apewe uzito sawa. Kaka alitaka yote iuzwe ili zigawanywe fedha, kwa kuwa fedha hazina ugomvi. Mziwanda alisema Mama alimwahidi kidani cha harusi, kisha akalia, na mazungumzo yakaishia hapo. Nimetumia majuma matatu kuzunguka na vitu hivyo, Kaka akiwa na habari na mara mbili akiwa nami, na sasa naomba niwawekee njia zote nne zilizopo kando kwa kando, pamoja na hesabu zake, ili tukikutana tena tuchague tukijua tunachokichagua.

Mambo mawili nayataja upesi kwa sababu yamekwisha. Hati ya mahakama ya kusimamia mirathi anayo Kaka, na madeni ya Mama yamelipwa, kwa hiyo hakuna kinachotuzuia kugawa. Pili, shehe alitueleza kwamba katika mafungu ya sheria Kaka ana sehemu mbili katika tano na sisi wanawake watatu tuna sehemu moja moja. Naye Kaka, baada ya kulijua fungu lake, aliridhia kwa hiari yake dhahabu hii igawanywe mafungu manne sawa. Namwomba tu aiandike ridhaa hiyo na kuitia sahihi. Akibadili nia hatakuwa amemkosea mtu, kwani hesabu zilizomo humu zitabaki vilevile na kitakachobadilika ni mafungu tu.

Sasa nianze na kilichomo ndani ya mkebe, maana nusu ya mabishano yetu ilitokana na kutokujua tulichonacho.

Uzito wa pambo si uzito wa dhahabu iliyomo. Dhahabu ya karati 24 ndiyo safi. Ya karati 22 ina sehemu 22 za dhahabu katika 24 na zilizobaki ni shaba au fedha, nayo hugongwa muhuri wa 916, yaani sehemu 916 katika elfu. Karati 21, ambayo ni ya kawaida Makka na katika nchi za Ghuba, hugongwa 875. Karati 18 hugongwa 750. Muhuri, hata hivyo, ni maneno ya aliyeugonga, na ndiyo maana nilitaka kila kitu kipimwe tena.

Kipimo cha kwanza nilikifanya mwenyewe jikoni kwa mizani ndogo ya kielektroniki inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Nilipima bangili moja ya Makka ikiwa kavu, ikasoma gramu 20.00. Kisha niliweka glasi ya maji juu ya mizani, nikairudisha mizani kwenye sifuri, nikaifunga bangili kwa uzi na kuizamisha yote bila kuiacha iguse chini wala kando. Mizani ilisoma 1.18. Namba hiyo ni ujazo wa bangili kwa sentimita za ujazo, na 20.00 ukigawa kwa 1.18 unapata karibu 17, ambayo ndiyo densiti inayotarajiwa kwa karati 21. Kama ingekuwa shaba nyeupe iliyochovywa dhahabu, mizani ingesoma zaidi ya 2.3. Bangili ya pili ilitoa jibu lilelile.

Mkufu mwembamba wa Kiitaliano ulinitia hofu. Densiti yake ilitoka 11, nikakaa usiku mzima nikiamini kwamba Mama alitapeliwa. Asubuhi sonara aliutazama kwa kioo chake cha kukuzia akacheka: pete zake ni mirija mitupu ndani, na hewa iliyonaswa humo hufanya kitu kionekane chepesi majini. Aliusugua kwenye jiwe jeusi, akatia tindikali juu ya mchirizi, kisha akauweka kwenye mashine ya eksirei, ikasoma 750. Kipimo cha maji, basi, hakifai kwa kitu chenye uwazi ndani wala chenye mawe. Mashine nayo ina udhaifu wake, kwa sababu husoma ngozi ya juu tu na inaweza kudanganywa na mchovyo mnene. Kwa bangili za Makka vipimo vyote viwili vilikubaliana, na kukubaliana huko ndiko kulikonipa imani.

Kilichotusumbua zaidi ni kidani cha harusi na herini zake. Vyote pamoja vina gramu 48, lakini humo mna mawe, lulu ndogondogo, na kile ambacho jicho halikioni: lakiri. Mafundi wa Kihindi hujaza lakiri ndani ya mabati membamba ya dhahabu ili yasibonyee na ili mawe yapate pa kushika. Hakuna anayeweza kujua uzito wake bila kukivunja kidani, na hilo sikulikubali. Sonara wa kwanza alikadiria kwamba visivyo dhahabu ni gramu 16, wa pili akasema 20, nami nimechukua 18. Jueni kwamba kati ya makadirio hayo mawili pana tofauti ya karibu shilingi milioni moja na nusu. Ndiyo hesabu yenye ukungu kuliko zote humu, na sitajifanya kuwa naijua vizuri zaidi ya hapo.

Bei niliyotumia ni shilingi 400,000 kwa gramu moja ya dhahabu safi. Ni namba ya kuhesabia. Siku ya kugawa tutaweka ya siku hiyo.

| Kitu | Uzito mzima | Dhahabu yenyewe | Karati | Dhahabu safi | Thamani (shilingi) |
|---|---|---|---|---|---|
| Bangili mbili za Makka | 40 g | 40 g | 21 | 35.0 g | 14,000,000 |
| Mkufu mzito | 36 g | 36 g | 22 | 33.0 g | 13,200,000 |
| Kidani na herini | 48 g | 30 g | 22 | 27.5 g | 11,000,000 |
| Mkufu wa Kiitaliano na bangili yake | 20 g | 20 g | 18 | 15.0 g | 6,000,000 |
| Pete aliyopewa na Baba | 4 g | 4 g | 14 | 2.3 g | 920,000 |
| Jumla | 148 g | 130 g | | 112.8 g | 45,120,000 |

Pete haikuwa na muhuri wowote. Karati 14 ni jibu la mashine. Robo ya jumla ni gramu 28.2 za dhahabu safi, yaani shilingi 11,280,000.

Njia ya kwanza, ya Dada, ni mizani. Sifa yake ni kwamba kila mtu anaielewa na hakuna haja ya kumwamini sonara. Lakini tazameni jedwali: kwa mizani kidani ndicho kikubwa kuliko vyote, na kwa dhahabu ni cha tatu. Fungu la kila mtu kwa uzito lingekuwa gramu 37, kwa hiyo atakayepewa kidani angeambiwa amezidisha gramu 11 na awalipe wenzake, hali ameshika dhahabu safi ndogo kuliko ya aliyechukua mkufu wa gramu 36. Angelipia lakiri. Njia hii ingefaa kama Mama angetuachia bangili tupu za karati moja, na hakutuachia hivyo. Dada, naomba usione kwamba nimeidharau rai yako. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyofikiri mpaka nilipoiona ile 18 ikitolewa katika 48.

Njia ya pili, ya Kaka, ni kuuza vyote. Ndiyo safi kuliko zote kwa hesabu, kwa sababu fedha hugawanyika hadi shilingi ya mwisho na hakuna anayeonewa kuliko mwingine. Hapa lakini sote tunapoteza pamoja. Nilikwenda maduka mawili ya katikati ya Kampala nikauliza wangenunua kwa bei gani. Moja lilitaja 340,000 kwa gramu safi, jingine 352,000, na hili la kwanza lilitaka kuzipeleka bangili chumba cha nyuma kupimwa nisikokuona, nikazirudisha mkobani. Kwa bei ile nzuri zaidi tungepata shilingi 39,705,600, yaani pungufu ya zaidi ya milioni tano kuliko thamani ya dhahabu yenyewe. Si wizi; mnunuzi ataiyeyusha, na ana gharama zake na faida yake. Mawe ya kidani hayahesabiwi kabisa, wala kazi ya mkono wa fundi. Na mmoja wetu akitaka baadaye kununua bangili mfano wa zile za Mama, dukani atalipa dhahabu, atalipa ufundi, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kuuza kunafaa kwa kitu ambacho hakuna mmoja wetu anayekitaka.

Hapa niweke neno kuhusu bei, kwani najua Kaka atauliza kwa nini nisitumie ile ya 352,000 ambayo mtu angeilipa kweli. Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba mtu akichukua pambo hauzi wala hanunui dukani, hivyo bei ya kati ndiyo isiyompendelea mchukuaji wala mpokea fedha. Tena bei hii inagusa kidogo kuliko tunavyodhani, maana inabadili fedha za kusawazisha tu. Atakayechukua bangili za Makka amezidi fungu lake kwa gramu 6.8 safi: kwa 400,000 atalipa 2,720,000, kwa 352,000 atalipa 2,393,600. Tofauti ni shilingi 326,400 katika fungu la zaidi ya milioni kumi na moja.

Njia ya tatu ni kuchagua kwa zamu na kusawazisha kwa fedha. Tunapiga kura ya nani aanze, kila mmoja anachukua kitu kimoja, na wa mwisho anaongezewa kitu cha tano. Aliyepata zaidi ya robo anaweka fedha mezani, aliyepata pungufu anaziokota. Wa bangili angelipa 2,720,000, wa mkufu mzito 1,920,000. Wa kidani angepokea 280,000, na wa mkufu wa Kiitaliano pamoja na pete angepokea 4,360,000. Hesabu zinafunga bila kupoteza shilingi. Kasoro yake inaonekana katika hizo 280,000. Tunajua wazi kwamba wawili wetu wanakitamani kidani kuliko vyote, na kwa njia hii kingekwenda kwa aliyebahatika na kura, pengine mtu asiyekijali, kisha aongezwe na chenji juu yake. Kwa vitu vinne vingine, ambavyo sijasikia mtu akivigombania, sioni ubaya wa njia hii.

Njia ya nne ni bahasha. Kila mmoja anaandika kwa siri kitu kina thamani gani kwake, bahasha zinafunguliwa pamoja, na aliyeandika zaidi anakichukua. Tofauti na mnada ni katika malipo. Tuchukulie kidani peke yake, kwamba mziwanda ameandika milioni 15, Dada 14, mimi 12, Kaka 11. Kidani ni cha mziwanda. Anahesabiwa kuwa ameweka mezani milioni 15, kisha anaondoa robo yake, 3,750,000, zinabaki 11,250,000. Kila mmoja wetu anachukua robo ya namba aliyoiandika mwenyewe: Dada 3,500,000, mimi 3,000,000, Kaka 2,750,000. Mezani zinabaki milioni mbili, na hizo tunazigawa sawa, 500,000 kila mtu, yeye akiwamo. Mwishowe mziwanda amelipa 10,750,000. Dada amepata 4,000,000, mimi 3,500,000, na Kaka 3,250,000. Kila mmoja amepata zaidi ya kile alichokiita mwenyewe robo ya kidani, na ndicho kilichonivutia katika njia hii: kupenda kwa mtu kunalipiwa, na kukosa kwa mwingine kunafidiwa.

Ina mwiba wake. Mimi nikijua jinsi mziwanda anavyokitaka kidani, ningeweza kuandika 14,900,000 kwa hila ili kumkamua, na ningejiongezea zaidi ya nusu milioni. Lakini yeye akiwa ameandika 13, hila ingenirudia na ningebaki na kidani nisichokihitaji kwa bei ya kiburi changu. Napendekeza pia asiyekitaka aandike milioni 11, yaani dhahabu yake, asishuke chini ya hapo.

Kuhusu ahadi ya Mama, nitasema mara moja tu. Naamini aliisema. Ila zawadi ambayo haikukabidhiwa mkononi bado ilikuwa mali yake alipofariki, na wasia kwa mrithi haupiti bila ridhaa ya warithi wengine. Dada na Kaka wakiridhia kidani kiwe chake bila hesabu, nami nitaridhia siku hiyo hiyo. Wasiporidhia, bahasha inampa nafasi ambayo kura haimpi.

Rai yangu, basi, ni kuchanganya njia mbili za mwisho: kidani kiende kwa bahasha, vingine vinne viende kwa makubaliano au zamu kwa thamani ya jedwali, na fedha za kusawazisha zihesabiwe mara moja tu mwishoni. Vile vinne vina thamani ya 34,120,000, na robo yake ni 8,530,000. Nikitumia mfano ule ule wa bahasha, inakuwa hivi.

Mziwanda ana haki ya 8,530,000 katika vile vinne, na anadaiwa 10,750,000 za kidani. Hachukui kitu kingine, anabakiwa na deni la 2,220,000. Dada ana 8,530,000 na zile 4,000,000. Akichukua bangili za Makka za milioni 14 atalipa 1,470,000. Kaka jumla yake ni 11,780,000. Akichukua mkufu mzito, pamoja na pete aliyoiomba kwa ajili ya binti yake anayebeba jina la Mama, amechukua vya 14,120,000 na atalipa 2,340,000. Mimi nina 12,030,000, nachukua mkufu wa Kiitaliano na bangili yake, na napokea 6,030,000, ambazo ndizo hasa jumla ya malipo yenu watatu. Mtasema nimejipangia fedha. Nimeweka mfano hivyo kwa sababu mnajua mimi sivai dhahabu nzito. Anayependa tubadilishane nafasi aseme, hesabu haijali jina la mtu.

Limebaki jambo la malipo, na hapa nilirudi kwa shehe. Alinikumbusha kwamba dhahabu kwa fedha hubadilishwa papo kwa papo, mkono kwa mkono, si kwa kukopeshana. Kwa hiyo mpango wa kulipana polepole kila mwezi kwa pesa za simu, ambao nilikuwa nimeuandika katika rasimu ya kwanza, nimeufuta. Kitu kitatoka mkebeni siku fedha zake zinapoingia.

Najua hili linamgusa zaidi mziwanda, ambaye bado anasoma. Kama atapata kidani na hana zile 2,220,000, basi asikope popote. Sehemu ya kidani inayolingana na fedha hizo, gramu 5.55 za dhahabu safi kwa bei tuliyotumia, itabaki mali yangu ndani ya kidani hicho hicho, kwa maandishi, na kidani kitakaa kwa Kaka. Siku atakapokuwa na fedha atainunua sehemu yangu kwa bei ya siku hiyo, ikiwa imepanda au imeshuka, kisha aende nacho. Nyinyi wawili hamtahitaji kusubiri.

Nawaomba kila mmoja anijibu mambo matatu: kama anakubali gramu 18 za lakiri na mawe au anataka sonara wa tatu, kama anakubali bei ya kati, na kama kuna kitu kingine mkebeni, mbali na kidani, anachotaka kiingizwe kwenye bahasha. Dada, ikiwa safari ya kutoka Arua ni nzito mwezi huu, unaweza kuifunga bahasha yako na kumpa mwanao aje nayo. Mkebe nimeurudisha kwa Kaka jana, tukapima kila kitu mbele ya shangazi, na karatasi ya uzito tumeikunja na kuifungia humo ndani.

Wasalamu,
Ndugu yenu wa tatu, Kampala